Barua ya Ng'ombe wa Kijivu

Barua ilikuwa moja, majina ndiyo yaliyobadilika. Tabea alikuwa ameinakili mara nyingi hata mkono wake uliijua bila msaada wa macho. Alikaa kwenye kijimeza cha ghala la kahawa, chini ya dirisha, akachovya kalamu kwenye wino na kuandika:

"Kwa Kaanaeli. Wewe ni mdeni wa Chama. Umekula fedha za wenzako ukanyamaza. Watu waaminifu wanakosa mikopo kwa sababu yako. Usipolipa utapelekwa barazani, na aibu itakuwa juu yako na juu ya watoto wako. Mimi, Mwenyekiti."

Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, Mwingereza bado yupo, na huku kwenye miteremko ya Meru, juu ya Tengeru, wakulima walikuwa na chama chao kidogo cha kuweka na kukopa. Mtu aliweka senti zake, na akikwama aliomba mkopo wa mabati, wa karo, wa dawa ya kunyunyizia mibuni au wa ng'ombe wa maziwa. Msimu wa kahawa ulipofika alikatwa palepale kwenye mizani. Fedha hizo zilikuwa za watu wenyewe, hazikudondoka kutoka mbinguni, na mmoja akichelewa mwingine alingoja. Tabea alilijua hilo vizuri. Yeye mwenyewe aliezeka nyumba yake kwa mkopo wa Chama, mwaka uliofuata baada ya kufiwa na mumewe, na aliyemdhamini, tena bila kuombwa, ni Mwenyekiti huyuhuyu, Mzee Philemoni. Kwa hiyo alipomtumikia kama karani hakumtumikia kwa mshahara tu.

Lakini barua ile ilikuwa inamchoma.

Tatizo halikuwa maneno peke yake, bali pia njia iliyopitia. Nyumba za mlimani zimejificha ndani ya migomba, kila moja na kijia chake, na hakuna tarishi aliyeweza kuzizungukia zote. Barua zote, za posta na za Chama, alikabidhiwa Aminieli, mwinjilisti wa usharika. Jumapili baada ya ibada alisimama kwenye ngazi za kanisa akaita majina. Ajuaye kusoma alichukua yake akaenda. Asiyejua alisimama mbele ya Aminieli, naye akamsomea hapohapo, kwa sauti yake ile ya mahubiri, watu wote wakiwa bado wamesimama uani wakisalimiana. Ndiyo ilikuwa desturi. Kwa barua ya mtoto aliyeko kazini Moshi ilikuwa desturi nzuri sana, watu walifurahi pamoja na mzazi.

Jumapili iliyofuata Kaanaeli aliitwa, akaja mbele akitabasamu, maana alidhani ni habari za mwanawe aliye kazini mbali.

Aminieli alifungua karatasi akaanza kusoma, na alipofika kwenye "umekula fedha za wenzako" akaishusha sauti ghafla, karibu kunong'ona. Tabea aliuona wema ule. Lakini watu wakisikia mtu mwenye sauti kubwa ananong'ona, ndipo wanapotega masikio, na uwanja mzima ukanyamaza. Kaanaeli, mzee wa miaka sitini na zaidi, mwenye koti lake la Jumapili, akasikiliza mpaka neno la mwisho. Kisha akasema, "Asante, Mwinjilisti," akaipokea karatasi kwa mikono miwili kama inavyopokelewa zawadi, akaondoka. Mkewe Marta akamfuata, kitambaa kimevutwa mpaka kwenye nyusi.

Hawakuonekana tena kanisani, wala sokoni Tengeru, wala kwenye ghala. Msimu ulikuwa umepamba moto, watu wakishusha magunia kutoka kila upande, lakini kahawa ya Kaanaeli haikuja. Siku moja Tabea alikutana na Marta kwenye kijito.

"Hujambo, mama," Tabea alisema.

Marta alijitwisha ndoo yake. "Mwandiko wako ni mzuri," akajibu. "Hata mimi nisiyejua kusoma nimeona ni mzuri." Akapita.

Tabea alibaki na kata mkononi, maji yakimwagika miguuni.

Kamati ilipokaa, mambo yalikuwa magumu. Mwisho wa mwaka afisa wa serikali, yule waliyemwita Bwana Ushirika, angepanda kutoka Arusha mjini kukagua vitabu. Akikuta wadeni saba waliopitisha wakati na hakuna hata mmoja anayelipa, angezuia mikopo mipya.

"Wa kwanza ni Kaanaeli," alisema Mzee Philemoni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. "Ng'ombe alinunuliwa kwa fedha za Chama. Siku ya mwisho ya ununuzi ikipita hajaanza tena kulipa, shauri linakwenda barazani na ng'ombe anauzwa. Siyo ukatili, ni sheria tuliyoitunga sisi wenyewe, na Kaanaeli alikuwepo akanyoosha mkono."

Kila aliyekuwepo alimjua ng'ombe yule, wa kijivu na tumbo jeupe. Wajukuu watatu wa Kaanaeli waliishi kwa maziwa yake, na kilichobaki Marta aliwauzia wagonjwa waliokuja hospitali ya misheni.

Tabea aliweka kalamu chini. "Mwenyekiti, naomba kusema."

"Sema, Karani. Ila usilie. Mara ya mwisho ulililia mabati ya Loishiye yasing'olewe, tukachelewa chakula."

Watu wakacheka, na Tabea naye akacheka kidogo. Kisha akasema, "Wazee, tumepeleka barua hii kwa watu saba. Ni wangapi wamekuja kulipa?"

Akawageuzia daftari: hakuna hata mmoja.

"Kabla ya barua, Kaanaeli alikuwa anapita hapa ghalani, anapiga soga, anaahidi. Alichelewa, lakini tulimwona. Baada ya barua hatumwoni. Kahawa yake iko nyumbani kwenye magunia, watoto wananiambia. Mtu mwenye kahawa ndani haji kukatwa, kwa sababu ya kuogopa nyuso zetu. Sasa barua inatusaidia nini?"

"Inawasaidia wengine wasifanye vile," alisema Philemoni.

"Niacheni niandike nyingine. Mara moja tu."

Philemoni alivua miwani akaifuta kwenye shati. "Andika. Lakini nakwambia mbele ya hawa, isipoleta kitu, tunarudi kwenye ile ya zamani, na la ng'ombe liko palepale." Kisha, wakati watu wanatoka, aliweka chupa mpya ya wino mezani kwake. Alikuwa ameinunua mjini kwa fedha yake mwenyewe.

Tabea aliandika barua ile kwa moyo wake wote, na pengine hapo ndipo alipokosea. Alimfikiria Marta na kitambaa chake kilichovutwa, na kila alipotaka kutaja kiasi cha fedha, kalamu ilikataa. Aliona akitaja shilingi atakuwa anamsimamisha tena yule mzee uwanjani. Mwishowe akaandika:

"Kwa ndugu yetu Kaanaeli. Salamu nyingi katika jina la Bwana. Tunatumaini wewe na mama na wajukuu hamjambo. Chama kinakukumbuka. Tunakushukuru kwa kuwa mwenzetu tangu mwanzo. Yaliyopita yasitutenganishe. Mlango wa ghala uko wazi, njoo kama zamani. Wenzako katika Chama."

Akaandika na zile nyingine sita, kila moja na salamu zake.

Jumapili, Kaanaeli hakuwepo kanisani, basi Aminieli akapanda mwenyewe mpaka nyumbani kwake kumsomea. Jioni alimwambia Tabea, "Mama, barua hii umeiandika kweli. Yule mzee alinishika mkono asiuachie. Alitaka niirudie. Nimeirudia mara tatu."

Tabea alilala usingizi mzuri usiku ule.

Jumapili iliyofuata ilikuwa Sikukuu ya Mavuno. Kanisa lilijaa mikungu ya ndizi, vikapu vya mahindi, kuku waliofungwa miguu wakilalamika chini ya madhabahu. Wakati wa sadaka ya shukrani mlango ukafunguka, akaingia Kaanaeli na koti lake la Jumapili, amebeba mkungu mkubwa begani, na Marta nyuma yake na kibuyu cha maziwa. Watu waligeuka. Tabea alifurahi hata akashika mkono wa jirani yake Pudensiana, mama wa Kichaga mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa pale njiani, ambaye alikuwa Mkatoliki lakini hakukosa sherehe yoyote yenye mnada wa ndizi.

Kaanaeli aliweka mkungu chini akageukia watu.

"Wapendwa," alisema, "nilikuwa mtu mwenye mzigo. Mnajua wote, mlisikia. Leo namshukuru Mungu, na nakishukuru Chama, na namshukuru Mzee Philemoni pale alipokaa. Wameniletea salamu nyumbani kwangu, na wameniachia deni langu."

Akina mama wakapiga vigelegele. Kuku mmoja akaitikia.

Tabea aliuachia mkono wa Pudensiana. Kwenye benchi la wazee Mzee Philemoni alikuwa amekaa wima kama nguzo, miwani ikimeta, anatazama mbele bila kupepesa.

"Karani," Pudensiana alinong'ona, "hivi huu msamaha ni wa Wamarekani wa misheni au ni wa kwetu? Maana na mimi nawadai watu sukari, nisije nikaambiwa nipige vigelegele."

"Nyamaza, mama," Tabea alisema.

Nje, baada ya mnada, Philemoni hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angepandisha.

"Loishiye ameniuliza kama na yeye amesamehewa. Na Sumari ameniuliza, na Sumari ni mtu aliyekuwa analipa. Nimwambieje Bwana Ushirika, kwamba Chama kimekuwa kanisa?"

"Mzee, sikuandika kwamba tumesamehe."

"Najua. Nimeisoma. Hukuandika kwamba tumesamehe, na hukuandika kwamba tunadai. Umeandika salamu." Akavaa kofia. "Jumapili ijayo inasomwa ile ya zamani. Kwa wote saba, na kwa sauti."

"Nipe siku hizi chache niende kwake."

"Ukamwambie nini?"

"Ukweli. Nimempa furaha ambayo si yake. Asipoambiwa na mimi, ataambiwa na barua ile mbele ya watu waliompigia vigelegele."

Philemoni aliunyoosha uzi wa miwani. "Nenda," alisema. "Na chukua vitabu. Usiende na moyo peke yake tena."

Jumatatu Tabea alipanda na daftari la mikopo ndani ya kikapu, limefunikwa kwa kanga. Kijia kilikuwa kinateleza kwa mvua za vuli. Kaanaeli alikuwa kwenye zizi akimkatia ng'ombe majani ya mgomba, na alipomwona karani akatupa panga chini kwa furaha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Marta! Mgeni! Ni yule mwenye mwandiko!"

Marta alitoka jikoni, safari hii uso uko wazi. Akampa kigoda, akamletea loshoro kwenye bakuli kubwa, ya mahindi yaliyokobolewa na maziwa ya mgando, ya baridi na chachu kidogo. Tabea alijua maziwa yale yametoka wapi. Alikula vijiko viwili, akaweka bakuli chini.

"Mzee," alisema, "nimekuja kukuumiza, na kosa ni langu. Deni lako halikuachiwa. Barua niliiandika mimi. Niliogopa kulitaja."

Ng'ombe alitafuna majani. Marta alikaa chini polepole kwenye kizingiti.

Kaanaeli aliokota panga akaliegemeza kwenye zizi. Hatimaye alisema, si kwa hasira, "Kwa nini hukulitaja?"

"Nilidhani kulitaja ni kukuaibisha."

"Mwanangu, wewe umesoma shule ya misheni, umejifunza barua. Mimi nimejifunza kwa baba yangu. Mtu akija kukudai ng'ombe, anamtaja ng'ombe yule kwa rangi yake. Ndama mweusi wa baka jeupe niliyekupa mwaka fulani. Anataja, mnazungumza, mnaelewana. Lakini akija, akala, akanywa, akauliza watoto, akaondoka bila kumtaja, maana yake amekuachia na hataki umfedheheshe kwa kumshukuru nyumbani kwake. Unashukuru mbele ya watu. Ndivyo nilivyofanya."

"Ndivyo ulivyofanya," Tabea alisema, na machozi yakamtoka, na akakumbuka mabati ya Loishiye akayafuta upesi.

"Kumbe nimesimama mbele ya usharika mzima nikashukuru hewa," Kaanaeli alisema. Akacheka kicheko kifupi, kikavu. "Ile barua ya kwanza ilinitukana bila kumtaja ng'ombe. Na hii ya pili imenipenda bila kumtaja ng'ombe. Wewe Karani, taja sasa. Taja nisikie."

Tabea akafungua daftari magotini.

"Ng'ombe wa kijivu, tumbo jeupe. Ulikopa shilingi mia mbili. Faida ya Chama ikawa ishirini, jumla mia mbili na ishirini."

"Ndiyo. Mia mbili na ishirini, zinanikaba shingo."

"Hapana, mzee. Umekwisha kulipa mia moja thelathini na sita."

Kaanaeli alimtazama Marta, Marta akamtazama Kaanaeli.

"Nani amelipa?"

"Wewe. Msimu wa kwanza ulikatwa sabini na mbili, wa pili ukakatwa sitini na nne. Vipande vya risiti ulipewa."

"Vile vikaratasi?" Marta aliinuka, akaingia ndani, akarudi na mkebe wa majani ya chai. Ndani, pamoja na vifungo na sindano, vilikuwemo vikaratasi vyote vya mizani, vimekunjwa kimoja kimoja. Tabea alivifungua juu ya kanga, akavilinganisha na daftari, akavisoma kimoja kimoja kwa sauti. Vilikubaliana.

"Nilidhani zile zilikuwa za riba tu," Kaanaeli alisema taratibu. "Barua ilisema nimekula fedha za wenzangu. Nikajua basi, hakuna nilichofanya. Sasa mtu anayedaiwa yote, aanzie wapi? Msimu uliopita Marta alilazwa, fedha ya kahawa ikaishia hospitali. Nikasema, sitakwenda ghalani bila kitu mkononi. Halafu barua ikaja. Nikasema, sasa sitakwenda kabisa."

"Hukuja kutuambia kwamba mama ameugua."

"Mlikuwa mnauliza?"

Hawakuwa wanauliza.

"Zimebaki ngapi?" Marta aliuliza kutoka kizingitini.

"Themanini na nne."

"Themanini na nne," Marta alirudia, kama mtu anayeshika kitu mkononi kukipima uzito. Kisha akasema, "Kahawa iliyo ndani inafika hizo?"

Wakaingia kutazama. Magunia matatu yalikuwa yameegemezwa ukutani mbali na moto, kahawa kavu imekwisha kumenywa, nzuri. Tabea alipiga hesabu ya bei ya malipo ya kwanza. Ilifika, na ikazidi. Lakini karo ya wajukuu ilikuwa Januari, na dawa ya mibuni lazima inunuliwe, na zikikatwa zote Jumamosi moja, Kaanaeli angerudi nyumbani mikono mitupu, na mwezi wa pili angekuwa anakopa tena kwa mwenye duka.

"Ungeweza ngapi bila kuumia?" aliuliza.

Kaanaeli alihesabu kwa vidole, akabishana na Marta kwa Kimeru, akashindwa. "Mama anasema arobaini. Nyingine kwenye malipo ya pili, kahawa yetu ikishauzwa mnadani."

"Nitamwomba Mwenyekiti. Siwezi kuahidi, si fedha zangu."

"Na barua je? Mzee Philemoni ataniandikia ile ya kwanza tena?"

"Ndivyo alivyosema."

Kaanaeli alikaa kwenye kigoda cha Tabea, akamwonyesha kalamu iliyokuwa kikapuni. "Basi tuandike yangu, mimi na wewe. Nami nataka Aminieli aisome pale ngazini. Nilisimama kushukuru, nitasimama kusikia. Lakini iwe barua ambayo mtu anaweza kuisikia akiwa amesimama. Anza na ng'ombe."

Waliandika mpaka jua likainama. Marta alikataa neno moja baada ya jingine. "Mdeni" lilitolewa. "Kama hutalipa" liliwekwa, likatolewa, likarudishwa kwa namna nyingine, kwa maana Kaanaeli alisema barua isiyosema kitakachotokea ni barua ya kumficha mtu kitu.

Philemoni aliisoma jioni ileile, chini ya taa ya kibatari, nyumbani kwake, uzi wa miwani ukimning'inia shavuni. Aliisoma mara mbili. Alipofika kwenye arobaini akainua macho.

"Wewe na Marta mmenipunguzia deni langu, siyo?"

"Hakuna iliyopungua, Mzee. Zote themanini na nne ziko pale. Zimegawanywa tu."

"Naona." Akageuza karatasi kutazama nyuma, kama kuna lingine limefichwa. "Sikujua kama Marta alilazwa. Tungejua tungepanga upya mwaka jana." Akavua miwani. "Bwana Ushirika akija, nikimwonyesha mtu anayelipa arobaini na tarehe ya nyingine, ni afadhali kuliko nikimwonyesha shauri la barazani. Isomwe. Wanakamati nitawaona mimi. Lakini zile sita?"

"Zile sita zisisomwe ngazini. Nitazifunga kwa gundi, Aminieli awape mkononi. Anayetaka kusomewa, asomewe pembeni, au aje kwangu. Kaanaeli ameomba mwenyewe, wengine hawajaomba."

"Na kila mmoja utamwandikia alicholipa?"

"Kila mmoja, kutoka daftarini. Loishiye peke yake ndiye hajalipa hata senti. Yeye nitamwandikia tu kiasi cha kuanzia."

"Loishiye," Philemoni alisema akitikisa kichwa. "Mwandikie kwa herufi kubwa."

Jumapili hakuna aliyeondoka uani. Kaanaeli alisimama mbele ya Aminieli, kofia mkononi, Marta ubavuni. Aminieli alikohoa akasoma, na safari hii sauti haikushuka popote:

"Kwa ndugu yetu Kaanaeli. Salamu. Barua hii ni ya deni la ng'ombe wa kijivu mwenye tumbo jeupe. Deni lilikuwa shilingi mia mbili na ishirini pamoja na faida. Umekwisha kulipa mia moja thelathini na sita. Asante. Zimebaki themanini na nne. Zilitakiwa kwisha msimu uliopita, lakini nyumbani palikuwa na mgonjwa, na Chama hakikujua. Jumamosi hii, siku ya mwisho ya ununuzi, ukileta kahawa tutakata arobaini, zinazozidi utaondoka nazo. Arobaini na nne zitakatwa kwenye malipo ya pili. Ukiona huwezi, njoo useme kabla ya siku hiyo, tutapanga tena pamoja. Usipokuja wala kusema, itabidi wadhamini wako waulizwe, na baada yao baraza. Ukimaliza, unaweza kukopa tena kama mwanachama yeyote. Mtu wa kuonana naye ni Tabea, kwenye ghala. Wenzako katika Chama."

Watu walimgeukia Kaanaeli.

"Mmesikia," alisema. "Nilishukuru mapema. Mnaweza kunirudishia mkungu wangu?"

"Nilishaununua mimi!" Pudensiana alipaza sauti kutoka nyuma. "Na nimeshaupika! Dai kwa Chama!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na katikati ya kicheko kile mzee mmoja akamshika Kaanaeli bega, na mwingine, na Marta akakisukuma kitambaa chake nyuma kidogo.

Katika juma lile watu wanne kati ya wale sita walikuja kwa Tabea, mmoja akipitia nyuma ya ghala. Wawili walikuja na fedha kidogo. Wawili walikuja kusema kwamba hawana, wakapangiwa upya. Sumari, aliyekuwa akilipa siku zote, alikuja kuuliza kama na yeye anaweza kuandikiwa barua inayosema amekwisha kulipa kiasi gani. Loishiye hakuja. Tabea alikwenda kwake, hakumkuta, au aliambiwa hayupo, na yeye akaacha salamu na tarehe ya kurudi.

Jumamosi foleni ya magunia ilifika mpaka barabarani. Philemoni mwenyewe alishika mizani. Kaanaeli alipofikiwa, magunia yake matatu yakawekwa moja baada ya jingine, Tabea akaandika, fedha zikahesabiwa mezani mafungu mawili. Fungu dogo likabaki upande wa Chama. Fungu kubwa Philemoni akamsukumia Marta, siyo mumewe, na Marta akalifunga kwenye pindo la kanga mafundo mawili.

Tabea akamkatia risiti. Kaanaeli hakuikunja.

"Nisomee," alisema.

"Ng'ombe wa kijivu, tumbo jeupe. Umelipa mia moja sabini na sita. Zimebaki arobaini na nne."

Nyuma yake watu walikuwa wanasukumana, mtu akalalamika kwamba jua linazama. Kaanaeli hakusogea.

"Taja tena, mwanangu," alisema. "Kwa sauti, mpaka kule nyuma wasikie."

Tabea akainuka kwenye kiti chake, akataja.